Mbuzi wa Matanga

Ijumaa, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, alikufa mbuzi jike wa kahawia mwenye sikio moja jeupe. Alikuwa wa kwanza. Baada yake walikufa wengine watatu, na wa tano, yule mweusi, akatoa mimba. Wote walikuwa mbuzi wa mume wangu, na mume wangu mwenyewe tulikuwa tumemzika mwezi wa pili.

Ninaandika haya kwa sababu watu wa hapa Nyamitaba wanayasimulia vingine. Mimi nilisoma shule ya msingi tu, lakini niliyoyaona niliyaona.

Mume wangu hakuacha vitu vingi. Shamba la maharagwe kwenye mteremko ni la ukoo wao. Koti lake na viatu vyake vilichukuliwa na ndugu zake, ndivyo inavyofanyika. Walipofika kwenye mbuzi, mdogo wake alisimama mbele ya watu wote akasema, "Hawa wabaki kwa shemeji. Asiwepo muntu wa kuwagusa." Hakuna aliyembishia. Huyo ndiye ndugu pekee wa tumbo moja na mume wangu aliyebaki hai. Anaishi Ntoto, upande wa Walikale, anauza chumvi na sabuni na mafuta ya mawese. Toka siku ile nilimhesabu kama ndugu yangu mwenyewe.

Mbuzi wale niliwajua mmoja mmoja. Asubuhi baada ya maziko, wanawake walipokuwa bado wamelala kwenye mikeka, nilikwenda kuwafungulia kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuwafungulia. Walisimama mlangoni wakitazama nyuma yangu, kama wanamngoja yule aliyezoea kuja. Sikulia makaburini. Nililia pale.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu tuliondoa matanga. Shemeji alikuja kwa miguu kutoka Ntoto, akalala njiani, na kwenye soko moja la kando ya barabara akanunua mbuzi dume mdogo wa kuleta. Kwetu mbuzi wa matanga hakataliwi. Anayemleta anaiweka kamba mkononi mwa mjane, na usiku wa kwanza mbuzi huyo analala pamoja na mbuzi wa marehemu. Asilale peke yake. Katika nyumba ya kilio hakuna kinacholala peke yake. Hata mimi nilikuwa nikilala katikati ya wanawake siku zote hizo. Kumfunga mbuzi wa matanga pembeni ni sawa na kumwambia aliyemleta kwamba pole yake hukuipokea.

Niliposhika kamba niliona macho ya yule mbuzi yanatoka machozi. Yalikuwa yametiririka mpaka chini ya taya, manyoya yameloa, na pua nayo ilikuwa inatoka. Jirani yangu, mama mwenye maneno mengi kuliko wote kilimani, ndiye aliyesema wa kwanza.

"Muangalie! Muangalie ile mbuzi! Iko inalia!"

Wanawake wakasogea.

"Kweli. Hata munyama anamulilia marehemu."

"Inamulilia kuliko wewe," jirani akamwambia mume wake. "Wewe hata siku ya mazishi ulikuwa unauliza chakula kitaiva saa ngapi."

Watu walicheka kidogo, ule mcheko wa matanga, kisha wakaanza kulia upya kwa sababu ya machozi ya mbuzi. Na mimi nililia. Shemeji aliniambia njia nzima mbuzi huyo alikuwa akitembea kichwa chini, hakutaka majani, na yeye akawa anamwambia, "Vumilia, tunaenda kwa yaya wangu," yaani kwa kaka yake. Tulimwingiza zizini na wengine. Alilala amebanana nao, maana zizi ni dogo.

Kesho yake alichinjwa. Aliyesafisha kichwa alisema ulimi na ufizi vina vidonda. Mtu mmoja akasema alikula miiba njiani, basi. Tulikula nyama na ugali wa fufu, watu wakaomba, wakatawanyika. Nyama ile haikumdhuru mtu. Ugonjwa wenyewe haushiki watu, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye.

Siku chache zilipita. Yule wa sikio jeupe akaanza kubaki nyuma wengine walipotoka. Masikio yake yalikuwa ya moto. Nilidhani ni baridi ya mvua. Kisha macho yakaanza kutoka machozi, na nakumbuka kwamba nilisimama pale na kamba mkononi nikawaza: na huyu naye analia. Kwa muda mdogo nilifarijika, na sasa nikikumbuka faraja ile ninachoka.

Pua ilianza maji maji, ikawa nzito kama usaha, ikakauka na kuziba matundu mpaka akawa anapumua kwa mdomo. Nilipomfungua mdomo harufu ilinirudisha nyuma. Ndani ya midomo, kwenye ufizi, juu ya ulimi, kulikuwa na vidonda vilivyofunikwa na kitu cheupe kama ubwabwa uliokauka. Alikuwa na njaa, niliona. Alichukua jani la kiazi, akalishika kwenye midomo, akaliacha lianguke. Halafu kuhara kulianza, maji matupu, miguu yote ya nyuma ikachafuka. Na kikohozi.

Jirani alikuja na kitambaa, chumvi na majivu. Kwetu mbuzi mwenye vidonda vya mdomo anasuguliwa hivyo, na mara nyingi inasaidia, maana upo ugonjwa mwingine wa magamba ya midomo unaopita wenyewe. Alimsugua wa sikio jeupe, akawasugua na wengine wanne, "wasianze na wao," kisha akaenda na kitambaa chake kileile kusugua wa kwake nyumbani. Alifanya kwa upendo. Mtu asimseme vibaya.

Yule wa kahawia alipokufa, binti yangu alipanda kwenye kilele ambapo simu inashika akampigia veterineri, daktari wa mifugo anayezunguka vijiji vyetu. Alisema njia ni mbaya lakini atakuja. Alipofika, pikipiki yake imejaa tope mpaka kwenye usukani, wawili wengine walikuwa wameshakufa na mweusi alikuwa amelala, nyuma yake kikiwa kile alichokitoa, kidogo, hakijaota manyoya.

Veterineri ni mtu mtaratibu. Alivaa mifuko ya plastiki juu ya buti zake kabla ya kuingia zizini. Alipima joto, akafungua midomo, akatazama chini ya mikia. Kisha akatoka nje akanawa.

"Mama, pole. Hii njo pesti ya mbuzi. Inashika mbuzi na kondoo. Wengine wanaiita sotoka ya mbuzi."

"Dawa iko?"

"Ya kuiua, hapana. Nitawachoma sindano ya kupigana na ile inaingia nyuma yake, kwenye mapafu na kwenye vidonda. Wewe uwape maji ya chumvi na sukari, kama mutoto mwenye kuhara. Uji mwepesi. Majani laini. Mwenye nguvu ya kupona atapona." Alikung'uta maji mikononi. "Kuliingia mbuzi mugeni hapa?"

Uwanja ulikuwa umejaa watu. Jirani alitazama miguu yake.

Nilisema, "Ndiyo. Wa matanga."

"Alikuwa na machozi?"

"Ndiyo."

Aliuliza hivyo tu. Lakini watu walikwisha kusikia, na kabla hajawasha pikipiki, jina la ugonjwa kilimani petu lilikuwa limebadilika. Walikuwa wanauita mbuzi wa shemeji.

Nilizika mbuzi wangu kwenye shimo refu, mbali na mto, na majivu mengi juu yao. Mtu mmoja alikuja kuniambia niwauze wale waliobaki kabla hawajafa, kwamba sokoni hawatazami midomo. Nilimwambia kwamba yule wa matanga naye labda aliuzwa hivyo. Akaenda zake.

Shefu wa kijiji aliita mkutano kwenye uwanja wa kanisa. Veterineri alieleza kwamba ugonjwa unapita kwa pumzi, kwa makamasi, kwa mate na mavi, mbuzi kwa mbuzi. Kwamba nje ya mwili wa mnyama haudumu sana, jua linauua, na mbuzi aliyepona habaki nao mwilini. Kwa hiyo tukisimamisha mbuzi, ugonjwa nao utasimama. Pasiwe na mbuzi wa kutoka kilimani, wala wa kuingia. Kila mtu akatie mbuzi wake majani nyumbani, wasikutane malishoni. Kitambaa cha nyumba moja kisiende nyumba nyingine. Hapo jirani yangu aliinamisha kichwa. Mbuzi wake watatu walikuwa wanakohoa tayari. Na baada ya haya kupita, kila mbuzi mgeni akae peke yake wiki tatu, atazamwe, ndipo achanganywe.

"Hata ya mahari?" mzee mmoja akauliza.

"Hata ya mahari, Papa."

"Basi na mukwe naye tumufungie wiki tatu?"

"Yule wako umufungie miezi tatu," mke wake akasema. "Anakula kama kiwavi."

Walicheka mpaka shefu akapiga fimbo chini. Kisha mtu akauliza, kwa sauti ya chini, "Na ya matanga?" Kicheko kilikwisha. Veterineri alitazama huku na huku, kisha akanitazama mimi.

"Na ya matanga," akasema.

Kazi ya chanjo ilifanyika wiki iliyofuata, kwenye nyumba ambazo ugonjwa haujaingia. Chanjo ilifika katika sanduku la barafu, unga mdogo ndani ya chupa. Wakishaichanganya na maji yake haikai, lazima imalizike asubuhi hiyohiyo, na kivulini. Mbuzi waliletwa mmoja mmoja, wakachomwa chini ya ngozi, nyuma ya bega, na kila nyumba sindano yake. Veterineri aliwaambia wazi: sindano hii inamsaidia mzima, mwenye ugonjwa tayari ndani yake haitamuokoa hata kama leo anaonekana mzima. Hata hivyo, mbuzi wawili wa nyumba moja walipokufa siku chache baadaye, mwenye nyumba alizunguka akisema sindano imewaua. Wengine walificha wa kwao porini. Shefu alikwenda nyumba kwa nyumba, akarudi amechoka, akaenda tena. Sehemu kubwa walichomwa. Upande wa juu wa kilima hakufa mbuzi hata mmoja, na hapo watu waliacha kusema.

Wangu hawakuchomwa. Wa nne alikufa Jumapili. Kwa mweusi nilikaa. Nilimpa maji kwa chupa, kidogo kidogo kwenye pembe ya mdomo ili yasimwingie kifuani. Nilimfuta pua kwa maji ya chumvi ili apumue. Sikuwa na tumaini, nilikuwa na mazoea. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimempa mume wangu maji hivyohivyo. Siku moja mweusi alichukua jani, akalitafuna, akalimeza. Nilimpa jingine.

Habari zilifika Ntoto kabla yangu. Watu wanaopeleka maharagwe walizibeba. Walimwambia shemeji kwamba mjane wa kaka yake amesema mbele ya shefu kwamba yeye ndiye aliyemaliza mbuzi wa marehemu. Sikusema hivyo. Niliulizwa, nikajibu ndiyo. Lakini maneno yakishapanda mlima hayarudi kama yalivyotoka. Jibu lake nililetewa na mwanamke mmoja muuza mawese.

"Amesema hivi: Mumuambie mimi sikuleta kifo, nilileta mbuzi."

Nilimwomba amwambie najua. Sijui kama alimwambia. Simu ya shemeji ilikuwa haishiki, au alikuwa haishiki. Mwezi wa sita ukapita, wa nane ukapita. Wakati wa kupalilia hakuja, na wakati wa kuvuna hakuja, yeye ambaye kila mwaka alikuja. Nilivuna na binti yangu. Nilikuwa nimempoteza mume, nikapoteza mbuzi, na sasa ndugu aliyesema mbuzi wabaki kwangu naye alikuwa anapotea polepole, bila maziko.

Mweusi alinenepa tena. Dume la upande wa juu, lililochanjwa, lilimpanda, na mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja akazaa mmoja, jike, wa kahawia. Masikio yote mawili ya kahawia. Sikumpa maana yoyote, lakini nilimtazama kwa muda mrefu.

Veterineri alipopita alinieleza. Mama yake alipona, kwa hiyo ugonjwa huu hautamrudia maisha yake yote. Mtoto analindwa na maziwa ya kwanza aliyonyonya, ila ulinzi huo unapungua. Miezi mitatu hivi unakuwa umekwisha. Akichomwa mapema mno chanjo haishiki vizuri. Akifika mwezi wa nne, atakuja na sanduku.

"Kwa hiyo iko wakati hana kitu?" nikauliza.

"Iko wakati hana kitu, Mama. Wakati ule umuchunge."

Mwezi wa pili ulikuwa wakati huo. Na mwezi wa pili ndipo tulipofanya ibada ya mwaka ya mume wangu.

Watu walikuja mchana. Tulikuwa tumeshapika sombe ya majani ya muhogo na maharagwe, na katekista alikuwa akitafuta kitabu chake, jirani aliponigusa mkono. Shemeji alikuwa anapanda njia. Amekonda, na mvi zimemwingia. Nyuma yake, kwenye kamba, alikuwa na mbuzi.

Hakuna aliyesogea. Alifika katikati ya uwanja akasimama, akanyoosha kamba.

"Shemeji, mwaka umepita. Nimemuletea yaya wangu."

Niliitazama kamba. Nilimtazama mbuzi. Macho yake yalikuwa makavu, pua kavu, alikuwa mzuri, mnene. Aliyemchagua alichagua kwa uangalifu. Lakini mbuzi mwenye ugonjwa anaweza kuutembeza siku kadhaa bila kuonyesha kitu. Zizini alikuwa yule mdogo wa kahawia, asiyekuwa na kitu.

Nilijua nikishika kamba nikamfunga pembeni, mbele ya watu wote, nimemwambia shemeji kwamba maneno aliyoyasikia Ntoto yalikuwa kweli. Na nikimwingiza zizini sitalala.

Nilishika kamba. Nikasema, "Nimepokea, shemeji. Asante. Lakini hatalala na wale."

Jirani yangu aliacha kupakua chakula.

"Kwa sababu ni mimi nimemuleta," shemeji akasema.

"Kwa sababu ni mugeni. Ni sheria ya kijiji sasa, hata ya mahari. Wiki tatu. Kule ndani iko mutoto wa ule mweusi, bado hajachomwa. Ni yeye na mama yake tu walibaki kwa wale wa kaka yako."

Shefu alikuwapo, angeweza kuniunga mkono, lakini aliona si mahali pake. Shemeji alinyoosha mkono, nikadhani ananipa mkono wa kuaga. Alichukua kamba. Akageuka na mbuzi wake akashuka njia ileile aliyokujia.

Tuliomba bila yeye. Sikumbuki katekista alisoma nini. Chakula kilikuwa kingi, watu wakala, wakaniambia maneno mazuri, wakaenda. Binti yangu alikunja mikeka. Niliingia ndani nikalala na nguo zangu.

Asubuhi nilitoka mapema kuchota maji na kufua, nikawa narudi na bidoni, dumu letu la maji, kichwani, na beseni la nguo mkononi. Chini, penye migomba, mbali na njia ya mbuzi, moshi ulikuwa unatoka. Kulikuwa na kibanda kidogo cha matete na majani ya migomba, kimefungwa haraka haraka kwa kamba za migomba, na mlangoni alikuwa ameketi shemeji, amejifunika turubai lake la kufunikia chumvi. Mbuzi alikuwa amelala ubavuni kwake, anacheua.

"Ulilala hapa?" nikauliza.

"Mbuzi ya yaya wangu hailali peke yake," akasema. "Kama haiwezi kulala na wenzake, italala na mimi."

Nilitua bidoni. Alimshika mbuzi taya, akamfungua mdomo kwa vidole viwili, akamgeuzia upande wangu.

"Angalia."

Niliinama bila kumgusa. Ufizi ulikuwa wa waridi, ulimi safi, hauna doa.

"Leo iko muzima," nikasema.

"Leo. Na kesho nitaangalia tena." Alimfunga mdomo. "Walisema wiki tatu, eh? Nitamutafuta muntu wa kuuza chumvi yangu."

"Uji uko nyumbani."

"Nakuja na harufu hii ya mbuzi?"

Nilikuwa na sabuni kwenye beseni la nguo. Nilimmiminia maji, akanawa mikono mpaka viwiko, akanawa miguu, akavisugua viatu vyake vya plastiki kwa matete na sabuni, chini na juu, mpaka maji yakatoka meupe. Tulipanda pamoja, mimi mbele na bidoni. Penye njia panda ya zizi alisimama.

"Ule mutoto, naweza kumuona?"

"Umuone toka hapa."

Binti yangu alikuwa ameshafungua. Mweusi alitoka, na yule mdogo akatoka nyuma yake akirukaruka, akaenda chini ya tumbo la mama yake kunyonya. Shemeji alimtazama kutoka pale njiani, mikono bado inachuruzika maji. Kisha tukaenda kunywa uji.